Viza ya kutafuta kazi Ujerumani kwa wahitimu wa Dar: maswali kuhusu fedha za kuonyesha na kazi unazoruhusiwa kufanya

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wahitimu wa hapa Dar es Salaam waliokuja na bahasha ya vyeti mkononi, wengine na wazazi wao. Karibu wote walikuwa na nchi moja kichwani, Ujerumani, na jina moja mdomoni: Chancenkarte. Kwa hiyo nimebaki huko huko, na nimekaa zaidi kwenye mambo mawili yanayowaumiza watu, yaani fedha za kuonyesha na mipaka ya kazi ukishafika.

Chancenkarte ni nini hasa? Ni kazi, ni viza, au ni bahati nasibu?

Ni kibali cha kukaa Ujerumani hadi mwaka mmoja ukitafuta kazi. Kilianza tarehe 1 Juni 2024, na kimo katika kifungu cha 20a cha sheria ya ukaazi ya nchi hiyo. Jina lake maana yake ni kadi ya fursa, na hapo ndipo watu wanapojichanganya: haikupi kazi, haikuahidi kazi, na hakuna mwajiri anayekusubiri uwanja wa ndege. Inakupa muda na ruhusa ya kuwa ndani ya nchi, kuhudhuria usaili ana kwa ana, kufanya kazi ya muda ili usikwame, na kujaribiwa na mwajiri kabla hajakuajiri.

Nchi nyingine nazo zina viza za aina hii. Uingereza na Uholanzi zinao mpango kwa wahitimu, lakini umefungwa kwa vyuo vilivyo juu kabisa kwenye orodha za dunia, hivyo mhitimu wa Mlimani au wa Ardhi hapiti moja kwa moja. Austria inatoa miezi 6 na inadai alama 70 kati ya 100. Ndiyo maana mazungumzo mengi ya Dar yanaishia Ujerumani.

Nimejipigia hesabu ya alama nikapata 4, na zinatakiwa 6. Nimekosa?

Huenda hukuhitaji kuhesabu kabisa. Hili ndilo jambo ninalolirudia kuliko yote, kwa sababu video nyingi mitandaoni zinaanza na alama, na mtu anakata tamaa kabla hajajua kwamba kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa mtu ambaye shahada yake imetambuliwa kuwa inalingana na ya Ujerumani. Huyu sheria inamwita mtaalamu, na haulizwi alama hata moja. Hata cheti cha lugha si sharti kwake, ingawa ukienda bila Kijerumani utaijua shida yake kwenye usaili. Mlango wa pili ni wa alama, kwa mtu mwenye shahada au stashahada ya fani ya angalau miaka 2 inayotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea, lakini ambayo Ujerumani haijaitambua kikamilifu. Huyo lazima awe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, kisha afikishe alama 6.

Kwa hiyo anza kwenye hifadhidata ya `anabin.kmk.org`. Tafuta chuo chako kwanza. Kikiwa na alama ya `H+` ni dalili nzuri. Kisha tafuta shahada yenyewe, uone kama imeandikwa `entspricht` au `gleichwertig`, yaani inalingana. Ukivipata vyote viwili, chapisha kurasa hizo uziambatanishe na maombi. Ukikipata chuo lakini shahada yako haimo, usikate tamaa: unaiomba ofisi ya Ujerumani ya kutathmini elimu ya nje, ZAB, ikuandikie hati ya ulinganifu. Ada yake ni yuro 208, na andaa subira ya miezi kadhaa.

Tahadhari moja tu kwa mlango huu. Kama fani yako inahitaji leseni kule, kama udaktari, uuguzi au ualimu, ulinganifu wa shahada hautoshi. Mamlaka ya fani hiyo katika jimbo husika ndiyo inayotambua, na njia yake ni ndefu.

Na nikilazimika kupita kwa alama, zinahesabiwaje?

Tumchukue mhitimu wa mfano. Ana miaka 26, shahada ya sayansi ya kompyuta, na amefanya kazi miezi 8 kwenye kampuni ndogo ya Mikocheni. Umri usiozidi miaka 35 unampa alama 2. Kiingereza cha kiwango cha C1 kinampa 1. Fani yake iko kwenye orodha ya zenye upungufu wa watu Ujerumani, nyingine 1. Jumla 4. Uzoefu wa kazi hauhesabiwi, kwa sababu unaanzia miaka 2 ndani ya miaka 5 iliyopita, ukiwa wa fani ileile aliyosomea. Huo ungempa alama 2.

Zinazobaki mbili anazipata wapi? Kijerumani. A2 ni alama 1, B1 ni alama 2, B2 ni alama 3. Akifika B1 anatimiza 6. Hiyo si kazi ya mwezi mmoja. Wanaosoma Goethe pale Upanga huku wakiwa kazini huchukua mwaka na zaidi kufika hapo.

Sasa linganisha: mwaka wa kusoma B1, au yuro 208 na miezi kadhaa ya kusubiri hati ya ulinganifu. Kijana huyuhuyu, shahada ileile. Ndiyo maana nasema angalia hifadhidata kwanza, kalamu ya kuhesabia alama iwekwe pembeni. Kijerumani asome vilevile, lakini akisome kwa ajili ya kazi.

Fedha za kuonyesha ni kiasi gani?

Kiwango kilichotangazwa kwa mwaka 2025 ni yuro 1,091 kwa mwezi, ikiwa ni fedha halisi inayobaki mkononi. Kwa mwaka mzima ni yuro 13,092. Tukichukua shilingi 2,900 kwa yuro moja kama mfano wa hesabu, inakaribia shilingi milioni 38. Kiwango hiki hupandishwa, mwaka 2024 kilikuwa 1,027, kwa hiyo kiangalie upya siku unayotuma fedha na usitegemee video ya mwaka jana.

Mlango uliopitia haubadilishi hili. Mwenye shahada iliyotambuliwa na mwenye alama 6 wote wanaonyesha kiasi kilekile.

Je, nikipeleka taarifa ya benki ya CRDB au NMB yenye milioni 40, haitoshi?

Usiijengee matumaini. Wanachotaka kuona ni kwamba fedha hiyo itakuwepo mwezi wa kwanza na itakuwepo mwezi wa kumi. Taarifa ya benki ya hapa inaonyesha tu kwamba ilikuwepo siku ilipochapishwa. Maofisa wanajua vizuri kwamba fedha inaweza kuingia Jumatatu na kutoka Ijumaa.

Njia zinazotambuliwa ni tatu. Ya kwanza na inayotumika zaidi ni akaunti ya zuio, inayoitwa `Sperrkonto`. Ya pili ni mtu anayeishi Ujerumani kukudhamini kisheria. Ya tatu ni mkataba wa kazi ya muda kutoka kwa mwajiri wa kule. Unaweza pia kuchanganya, sehemu akaunti na sehemu mkataba.

Akaunti ya zuio inafanyaje kazi?

Unaifungua kwa mtandao ukiwa hapahapa Dar, kupitia mtoa huduma aliye kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Unapakia pasipoti, unaeleza fedha imetoka wapi, unapewa namba ya akaunti na namba ya kumbukumbu. Kisha unakwenda benki yako na kutuma yuro 13,092 kwa mkupuo. Ikifika, wanakupa hati ya uthibitisho, na hati hiyo ndiyo unayoipeleka ubalozini.

Fedha hiyo huigusi tena hadi ufike Ujerumani na ufungue akaunti ya kawaida ya benki. Kuanzia hapo wanakuachia yuro 1,091 kila mwezi. Ni yako, ila inakujia kwa kipimo.

Mahali watu wanapojikwaa ni kwenye makato ya kutuma. Fedha ikitoka benki ya Dar hupita benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kukata kidogo. Umetuma 13,092, imefika 13,061. Mfumo unasoma kwamba haijatimia, na hati haitoki hadi utume yuro 31 zilizobaki, ambazo nazo zinakatwa njiani. Mwambie mhudumu wa benki kwamba makato yote yabebwe na mtumaji, kwenye fomu chaguo hilo limeandikwa `OUR`, na uongeze yuro 50 au 100 juu ya kiasi. Andika namba ya kumbukumbu kama ilivyo, bila kurusha hata tarakimu moja.

Jambo jingine: kama mtumaji ni mzazi, shangazi au kikundi cha ukoo, mweleze mtoa huduma mapema na uwe na barua yao pamoja na ushahidi wa chanzo cha fedha, iwe hati ya mauziano ya kiwanja, mafao ya kustaafu au taarifa za mauzo ya duka. Fedha kutoka jina lisilojulikana inaweza kusimamishwa kwa uchunguzi, na wewe miadi yako ya ubalozi inapita.

Mama yangu yuko tayari kuuza kiwanja cha Chanika. Viza ikikataliwa, fedha imekwenda?

Hapana. Ukikataliwa unawasilisha barua ya kukataliwa kwa mtoa huduma, akaunti inafunguliwa na fedha inarudishwa. Utakachopoteza ni ada ya kufungua akaunti, makato ya kutuma mara mbili, na tofauti ya viwango vya kubadilisha fedha, ambayo shilingi ikiyumba inaweza kuuma kuliko ada zenyewe.

Lakini kiwanja hakirudi. Hilo mwambie mama waziwazi kabla ya kusaini kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimeona familia zikiuza kwanza na kuuliza baadaye kama shahada ya mtoto inalingana. Mpangilio mzuri ni kinyume chake: ulinganifu kwanza, kwa sababu unagharimu yuro 208 na si milioni 38. Hati ikitoka vizuri, ndipo mkae kikao cha ukoo kuhusu fedha.

Kuna mtu Kariakoo anaazima fedha za kuonyesha kwa riba. Nichukue?

Usichukue. Fikiri fedha inakaa wapi: imefungwa kwenye akaunti ya jina lako, inatoka yuro 1,091 kwa mwezi. Mkopeshaji atakayeridhika kusubiri mwaka mzima ni yule atakayekudai riba inayozidi mtaji. Na wale wanaoahidi kuweka fedha na kuitoa baada ya wewe kupata hati wanazungumzia hati ya kughushi, kwa sababu akaunti ya kweli haiwezi kutolewa kabla ya muda bila viza kukataliwa au kufutwa. Ubalozi huthibitisha hati hizi. Hati ya kughushi haikukoseshi viza hii tu, inakufuata kwenye maombi yako mengine yote ya Schengen.

Na yeyote anayekuuzia Chancenkarte yenyewe kwa milioni kadhaa hana anachouza. Ada ya viza ni yuro 75, inalipwa ubalozini.

Mjomba wangu anaishi Hamburg. Anaweza kunidhamini badala ya akaunti?

Anaweza, ila barua ya kuandika kwa mkono kwamba atakutunza haina uzito. Anatakiwa aende ofisi ya wageni ya mji anaoishi na kusaini ahadi ya kisheria inayoitwa `Verpflichtungserklärung`. Ataonyesha hati za mshahara na mkataba wa nyumba, na ada yake ni yuro 29. Ofisi inapima kama mshahara wake, ukitoa familia yake mwenyewe, unabeba mtu mwingine.

Mjomba ajue anasaini nini. Kwa muda wa hadi miaka 5, serikali ikitumia fedha za umma kukutunza, inaweza kumdai yeye. Na hati lazima iseme kwamba ni kwa ajili ya Chancenkarte. Iliyoandikwa kwa ajili ya matembezi ya miezi 3 haifai, na watu wengi hurudishwa kwa kosa hili.

Nikipata mkataba wa kazi ya muda kabla ya kuondoka, naweza kukwepa akaunti ya zuio?

Kwa nadharia ndiyo, kwa hesabu ni vigumu. Chukua kima cha chini cha mshahara cha Ujerumani kilichoanza Januari 2026, yuro 13.90 kwa saa. Saa 20 kwa wiki ni kama saa 87 kwa mwezi, sawa na yuro 1,200 na kidogo. Hiyo ni kabla ya makato ya bima ya afya, pensheni na mengineyo. Yakishakatwa, kinachobaki kinashuka hadi kuzunguka yuro 1,000, chini ya ile 1,091 inayotakiwa mkononi.

Kwa hiyo mkataba wa kima cha chini peke yake hautoshi. Pengo la kila mwezi unalijaza kwa akaunti ya zuio ndogo. Na huo mkataba wenyewe, kuupata ukiwa bado Tabata, ni nadra. Mwajiri anayekupa mkataba bila kukuona hata kwa video, kisha anaomba umtumie ada ya usajili, ni tapeli.

Ile 1,091 itanitosha kuishi?

Itakutosha kubana matumizi, lakini haitakutosha kuanzia. Mwenye nyumba Ujerumani anaruhusiwa kudai amana ya hadi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za joto na maji. Chumba cha yuro 450 kinaweza kudai amana ya 1,350, na wewe akaunti inakuachia 1,091 kwa mwezi. Sheria inakupa haki ya kulipa amana hiyo kwa awamu tatu za kila mwezi, na wapangaji wengi wageni hawaijui haki hii. Hata hivyo, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, utazidiwa.

Ndiyo maana nawashauri wanaoondoka wawe na kiasi kingine kilicho huru, angalau yuro 1,500, nje ya akaunti ya zuio. Ongeza na bima ya afya, ambayo lazima iwepo tangu siku ya kuingia. Bima za wageni za bei nafuu mara nyingi hazigusi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri, wala ujauzito. Soma sehemu hiyo ya mkataba kabla ya kulipa, hasa kama una pumu, kisukari au selimundu.

Nikifika naruhusiwa kufanya kazi gani?

Kazi yoyote ya kuajiriwa, kwa wastani wa saa zisizozidi 20 kwa wiki. Si lazima iwe ya fani yako. Mhandisi anaweza kuosha vyombo mgahawani au kupanga bidhaa ghalani. Ila saa 20 ni za kazi zote ukizijumlisha. Ukiwa na saa 12 mgahawani na 10 ghalani, umevuka.

Neno wastani lina maana yake. Wiki moja ukafanya 25 kwa sababu mwenzako anaumwa, na wiki inayofuata 15, uko salama. Weka daftari la saa zako mwenyewe, usimwachie mwajiri, kwa sababu siku utakapoomba kibali kipya ofisi ya wageni inaweza kuomba hati zako za mshahara na saa zinaonekana humo.

Juu ya hizo saa 20 kuna kazi ya majaribio, hadi wiki 2 kwa kila mwajiri. Hii ndiyo hazina ya Chancenkarte, na watu hawaitumii. Inaweza kuwa ya siku nzima, na idadi ya waajiri haijawekewa kikomo. Sharti lake ni kwamba lazima iwe ya kitaalamu, au ielekee kwenye mafunzo ya ufundi, au ihusiane na hatua za kutambuliwa kwa cheti chako. Wiki 2 za majaribio ya kufagia ghala hazihesabiki hapa. Angalia pia kwamba sheria ya saa za kazi inajumlisha waajiri wote. Wiki unayojaribiwa saa 40 omba upunguziwe zamu za mgahawani.

Nina wateja wangu wa kutengeneza tovuti hapa Dar. Naweza kuendelea nao kwa mtandao nikiwa Berlin?

Hapana, na swali hili lina mtego kwa sababu watu wanaona kwamba fedha inatoka Tanzania kwa hiyo Ujerumani haihusiki. Kinachoangaliwa ni mahali ulipokaa ukifanya kazi. Kujiajiri hakuruhusiwi na Chancenkarte, na kutengeneza tovuti kwa malipo kwa wateja wako ni kujiajiri. Kuuza vitenge kwa mtandao ni hivyo hivyo, na kusuka nywele nyumbani kwa malipo pia, hata kama wateja wote ni Watanzania wenzako. Kazi za kusambaza chakula nazo zitazame: ukiwa na mkataba wa ajira ni sawa ndani ya saa 20, ukisajiliwa kama mfanyabiashara binafsi si sawa.

Kama una wateja, wakabidhi kwa mwenzako kabla ya kupanda ndege.

Naweza kwenda kutafuta kazi Uholanzi au Italia nikiwa na hii kadi?

Kutembelea, ndiyo, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 kwenye nchi za Schengen. Kufanya kazi huko, hapana, hata siku moja.

Nikipata kazi kamili, naanza lini?

Hapa turudi kwa kijana wetu wa kompyuta. Tuseme hati yake ya ulinganifu ilitoka, akapita mlango wa kwanza, akafika Leipzig mwezi Machi. Ndani ya wiki 2 za kuhamia chumbani alijiandikisha ofisi ya mji, kwa sababu bila karatasi hiyo hata namba ya kodi haiji. Aprili akapata kazi ya saa 18 kwa wiki kwenye duka la mikate. Julai kampuni ya programu ikamwita kwa majaribio ya wiki 2. Agosti ikampa mkataba wa yuro 46,000 kwa mwaka, aanze Septemba.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mkataba si kibali. Anatakiwa aombe kibali kipya kwenye ofisi ya wageni ya Leipzig, bila kurudi Dar, wakati Chancenkarte bado hai. Kwa fani yenye upungufu kama yake, kiwango cha mshahara cha Kadi ya Buluu ya Ulaya, yaani kibali cha kazi cha wenye shahada, kwa mwaka 2026 ni yuro 45,934.20, kwa hiyo 46,000 inapita kwa kidogo. Idara ya ajira ya Ujerumani inatakiwa kuridhia pia. Hadi kibali kitoke, haki zake ni zilezile za zamani: saa 20. Anaweza kuanza kwa mwajiri mpya saa 20 kwa wiki akiacha duka la mikate, lakini akianza saa 40 tarehe 1 Septemba kwa sababu bosi ana haraka, amefanya kazi bila ruhusa.

Amwambie mwajiri tangu siku ya kusaini kwamba ofisi za wageni huchukua wiki au miezi, na mkataba uandikwe kwamba kazi kamili inaanza kibali kikitoka.

Mwaka ukiisha sijapata kazi?

Unarudi nyumbani. Kuongezewa kupo, hadi miaka 2 mingine, ila ni kwa aliyepata mkataba wa kazi ya kitaalamu ambayo haikidhi masharti ya vibali vingine, na idara ya ajira iridhie. Kwa ambaye hana mkataba hakuna nyongeza, na kazi kamili ya ghalani haikubadilishii kibali hata bosi akikupenda namna gani. Kwa sababu hiyo, mtu anayefika mwezi wa nane akiwa bado anategemea mgahawa, na hajafanya jaribio hata moja la wiki 2, aelekeze nguvu huko mara moja.

Maombi yanapelekwa wapi?

Fomu inajazwa mtandaoni kwenye `digital.diplo.de`, nyaraka zinapakiwa, wanazikagua na kukuambia kinachopungua. Baadaye unakwenda mwenyewe ubalozini, jengo la Umoja House, na nakala halisi zote, kutoa alama za vidole na kulipa ada. Kwenye barua ya maelezo usiandike kwamba unaipenda Ujerumani. Andika fani yako kwa jina linalotumika kule, aina ya kampuni unazolenga na miji zilipo, matangazo ya kazi uliyokwishayaona, na mahali utakapolala mwezi wa kwanza.

Nikikataliwa, naandika barua ya kupinga?

Zamani ilikuwepo. Tangu tarehe 1 Julai 2025 utaratibu wa kuomba ubalozi ufikirie upya umefutwa. Umebaki na mambo mawili: kufungua shauri mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, jambo la gharama, au kuomba upya ukiwa umerekebisha kilichokukwamisha. Barua ya kukataliwa hutaja sababu. Kama ni fedha iliyopungua au hati ya udhamini iliyoandikwa vibaya, kuomba upya ni nafuu na haraka. Kama ni shahada isiyolingana, usirudie fomu ileile. Rudi kwenye alama, ufungue kitabu cha Kijerumani.